Begi Lililoibwa Rangi Tatu: Sera ya Kazi za Nyumbani Inavyoandikwa

Mwishoni mwa mwaka 2023, mgao wa umeme ulipokuwa umeshika kasi Tanzania, dada mmoja niliyesoma naye alikuwa akifanya kazi nyumbani kwake Mbagala siku tatu kwa wiki. Ni mhasibu. Ofisi yake ina watu 14 na inaandaa mishahara na hesabu za kampuni ndogondogo. Jumanne moja umeme ulikatika saa 7 mchana. Akaandika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi kwamba umeme umekwenda. Jibu la bosi halikuwa refu: mishahara ya mteja itoke leo.

Dada huyu akatia kompyuta mpakato kwenye begi, akapanda daladala hadi kwa shangazi yake Temeke ambako umeme ulikuwepo, akanunua bando la shilingi 3,000, akaanza tena kazi saa 12 jioni. Alimaliza saa 3 usiku. Wakati anashuka Rangi Tatu, katika kusukumana pale kituoni, begi likachomolewa begani. Alipogeuka, hakuona hata mgongo wa mwizi.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu. "Kaka, wananikata laki nne kila mwezi mpaka milioni moja na laki sita iishe. Na mshahara wenyewe ni laki tisa."

Nikamwomba anitumie hiyo sera waliyomsainisha. Kazi yangu kwa miaka mingi ni ya rasilimali watu, na karatasi za namna ile nimeziona nyingi. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Kuhusu saa za kazi ilisema mfanyakazi "atapatikana muda wote". Kuhusu vifaa ilisema mfanyakazi "atawajibika kwa vifaa vyote alivyokabidhiwa". Kuhusu taarifa za wateja ilisema zitunzwe kwa "usiri mkubwa". Kuhusu gharama haikusema neno. Siku ile moja ya mgao ilikuwa imegusa mambo yote manne, na karatasi haikuwa na jibu hata kwa moja.

Ofisi ile, baada ya mvutano, ilikubali tukae tuiandike upya. Ninaeleza hapa tulivyofanya, kwa sababu ofisi nyingi za ukubwa ule zina karatasi inayofanana na ile, na aghalabu hazijui mpaka siku begi litakapoibwa.

Jambo la kwanza tulilogundua ni kwamba sera peke yake haitoshi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na miongoni mwake yamo mahali pa kazi na saa za kazi. Mkataba wa dada huyu ulisema mahali pa kazi ni ofisini, Kariakoo. Kwa hiyo kila mfanyakazi anayekaa nyumbani siku kadhaa anahitaji barua ya nyongeza ya mkataba, iliyosainiwa na pande zote mbili, inayotaja nyumba anayofanyia kazi na siku zenyewe. Barua hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Mtu akianguka na kuvunjika mkono akiwa kazini, swali la kwanza kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni kama aliumia akiwa katika kazi yake. Aliyeanguka sebuleni kwake saa 5 asubuhi, na hana karatasi inayosema sebule ile ni mahali pake pa kazi, atapata shida ya kueleza.

Baada ya hapo tukaingia kwenye saa.

Maneno "atapatikana muda wote" ni haramu kisheria, na nilimwambia bosi hivyo mbele yake. Sheria inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Ofisi ile hufanya kazi saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na saa moja ya chakula katikati, yaani saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki. Aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo ana haki ya kupumzika saa moja. Kati ya kumaliza kazi leo na kuianza kesho ziwepo saa 12 mfululizo za mapumziko. Haya yote hayabadiliki kwa sababu mtu yuko nyumbani.

Sasa tuichukue Jumanne ile tuipime. Dada alianza saa 2 asubuhi, umeme ukakatika saa 7 mchana: saa 5. Akaendelea saa 12 jioni hadi saa 3 usiku: saa 3. Jumla saa 8. Yeye aliamini anadai saa tatu za ziada. Bosi aliamini hadaiwi kitu. Wote wawili walikosea. Saa za ziada hazikuwepo, kwa kuwa alifanya saa zake 8 za mkataba, ila zilihamia jioni. Lakini sheria inauhesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya kazi katika muda huo inaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa. Saa moja ya dada iliangukia humo.

Mshahara wa saa unapatikanaje? Jedwali la sheria hiyo linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 ili kupata wa wiki, kisha wa wiki unagawanywa kwa saa za kawaida za wiki. Shilingi 900,000 ukigawa kwa 4.333 ni kama 207,700. Gawa kwa 40, unapata takriban 5,190 kwa saa. Asilimia 5 yake ni shilingi 260. Ni fedha ndogo, hata nauli haitoshi. Lakini kama angeambiwa aendelee saa moja zaidi, saa hiyo ingekuwa ya ziada, na ya ziada hulipwa mara moja na nusu: kama shilingi 7,790, na nyongeza ya usiku juu yake. Ofisi yenye watu wanane nyumbani, mgao wa miezi mitatu na bosi anayetuma ujumbe kila saa 3 usiku, itajikuta inadaiwa bila kujua deni lilianza lini.

Jambo lililonisumbua zaidi siku ile lilitokea asubuhi iliyofuata. Dada alimaliza saa 3 usiku, na kulikuwa na kikao cha ofisi saa 2 asubuhi. Hapo katikati pana saa 11, wakati sheria inataka 12. Lakini sheria hiyohiyo ina mlango ambao watunga sera wengi hawaujui: mapumziko ya usiku yanaweza kupunguzwa hadi saa 8 ikiwa kuna makubaliano ya maandishi na ikiwa saa za kawaida za siku hiyo zilikatizwa kwa saa 3 au zaidi. Mlango huo unaifaa kabisa siku ya mgao. Umeme ulikatika saa 7, kazi ikarudi saa 12: mkatizo wa saa 5. Kilichokosekana ni makubaliano ya maandishi tu. Tukayaandika hivi:

"Umeme au intaneti ikikatika, mfanyakazi atamjulisha msimamizi ndani ya dakika 30. Msimamizi atachagua moja kati ya mawili: kazi isubiri kesho, au saa zilizobaki zihamie jioni kwa ridhaa ya mfanyakazi. Saa zikihamia jioni, kazi itakoma si zaidi ya saa 4 usiku, mapumziko hayatapungua saa 8, na nyongeza ya usiku italipwa. Mfanyakazi hatatakiwa kuwa njiani na kifaa cha ofisi baada ya saa 12 jioni."

Sentensi ya mwisho ndiyo ingeliokoa begi. Tuliongeza pia kwamba mama mjamzito aliyebakiza miezi miwili kujifungua, na aliyejifungua ndani ya miezi miwili, saa zake zisihamishiwe usiku kabisa, kwa sababu sheria inakataza mwajiri kumtaka au hata kumruhusu afanye kazi usiku.

Swali la bosi lilikuwa la kweli, na sikulipuuza. "Sasa nitajuaje kama mtu anafanya kazi kweli au anapika?" Kuna ofisi zinazoweka programu ya kupiga picha kioo cha kompyuta kila baada ya dakika kadhaa. Sipendi jambo hilo, na sababu yangu si huruma peke yake. Picha hizo hunasa ujumbe wa mume, cheti cha hospitali cha mtoto, salio la benki. Hizo ni taarifa binafsi, nawe uliyezikusanya ndiye utakayezijibia. Tulikubaliana saa nne za kupatikana kwa lazima, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, ambapo simu hupokelewa na ujumbe hujibiwa. Muda uliobaki mtu anapimwa kwa kazi aliyotoa: faili la mishahara la mteja gani limekamilika, lini, lina makosa mangapi.

Kwenye vifaa ndipo dada alipoumia, kwa hiyo tulikaa hapo muda mrefu.

Watu wengi, waajiri kwa waajiriwa, huamini kwamba aliyepoteza kitu cha ofisi anakatwa tu. Sheria ya mwaka 2004 haisemi hivyo. Mwajiri anaweza kukata mshahara kufidia hasara pale tu hasara ilipotokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Kabla ya kukata, lazima amwandikie akieleza chanzo cha hasara, kiasi na namna alivyokipata. Lazima ampe nafasi ya kutosha ya kupinga. Makato yasizidi hasara halisi. Na jumla ya makato hayo isipite robo ya mshahara.

Chukua hesabu ya dada. Robo ya 900,000 ni 225,000. Kumkata 400,000 kwa mwezi kulikuwa nje ya sheria hata kama kompyuta angeitupa baharini kwa mkono wake. Hilo moja. La pili, ofisi ilidai 1,600,000 kwa sababu ndiyo bei iliyonunulia kompyuta miaka miwili nyuma. Lakini vitabu vya ofisi ile vinahesabu maisha ya kompyuta kuwa miaka minne, kwa hiyo siku ya wizi ilikuwa imebakiza nusu ya thamani: 800,000. Hiyo ndiyo hasara halisi, na kwa kiwango cha juu cha 225,000 ingelipwa kwa muda usiopungua miezi minne. La tatu ndilo kubwa kuliko yote: kosa lake ni lipi? Aliambiwa kazi itoke leo, umeme haukuwepo, akaenda ulipo. Begi lilikuwa begani mwake. Bosi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapo umenipata, kaka."

Neno "kosa" likiachwa hewani, kila mtu atalijaza anavyotaka siku ya ugomvi. Sisi tulilijaza mapema kwa mifano. Kuacha kompyuta juu ya kiti cha daladala na kushuka ni uzembe. Kuiacha ndani ya gari ikionekana dirishani ni uzembe. Kumpa mtoto aichezee na akamwagia chai ni uzembe. Kuporwa njiani, kuibiwa nyumba ikiwa imefungwa, au kuungua kwa sababu umeme umerudi kwa nguvu kubwa si uzembe, mradi mtu ametoa taarifa polisi siku hiyohiyo au kesho yake na kuleta namba ya RB. Kwa kuungua, mradi kifaa kilikuwa kimechomekwa kwenye UPS iliyotolewa na ofisi. Ofisi isiyotoa UPS haina mdomo wa kulalamika kompyuta ikiungua.

Halafu ikaja hati ya makabidhiano. Ya zamani ilisema "laptop moja na chaji". Mpya ina namba ya kifaa iliyo chini ya kompyuta, hali yake siku ya kukabidhiwa, mkwaruzo ulio kwenye kona ya kushoto, idadi ya vitu vilivyoambatana navyo, tarehe ya kununuliwa na bei. Bei na tarehe zimo ili siku ya hasara pasiwe na ubishi wa thamani. Picha mbili zinapigwa na kubandikwa nyuma. Atakapoacha kazi, hatia au usalama wake utasomwa kwenye hati hiyo, na si kwenye kumbukumbu ya mtu.

Msomaji mwenye ofisi, kasome pia mkataba wako wa bima. Tulipousoma wa ofisi ile tulikuta vifaa vimekatiwa bima "ndani ya jengo" tu. Kompyuta nane zilikuwa zikilala Mbagala, Kimara, Kibaha na Tegeta bila bima yoyote, na ada ilikuwa ikilipwa kila mwaka kwa imani kwamba zimo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna aliyelifikiria kwa siku mbili nzima. Asubuhi ya Jumatano, ofisini walizungumzia kompyuta. Mchana wakazungumzia kompyuta. Alhamisi jioni ndipo kijana wa hesabu alipouliza, "Jamani, na mishahara ya wateja iliyokuwemo?" Ndani yake kulikuwa na majina, namba za NIDA, akaunti za benki na mishahara ya wafanyakazi wa kampuni sita. Neno la siri la kuifungua lilikuwa jina la mtoto wa dada na mwaka wake wa kuzaliwa. Na hata lingekuwa gumu, halingesaidia sana, kwa sababu diski haikuwa imefungwa: fundi yeyote angeichomoa, akaichomeka kwenye kompyuta nyingine, akasoma kila kitu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azilinde zisipotee wala kufikiwa na asiyehusika. Ofisi inayoandaa mishahara ya watu wengine imo ndani ya sheria hiyo, hata ikiwa na watu 14. Na mmoja wa wale wateja sita alikuwa kampuni ya Mombasa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ni kali kwa muda: aliyepewa taarifa achakate anapaswa kumjulisha mwenye nazo, inapowezekana, ndani ya saa 48 tangu ajue zimevuja, na mwenye nazo ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Walipokumbuka Alhamisi jioni, saa 48 zilikuwa zinaishia mikononi mwao.

Kinga ya kwanza ni kufunga diski, na haigharimu kitu kwenye kompyuta zenye Windows ya daraja la Pro, kwa kuwa kifungio chenyewe, BitLocker, kimo ndani. Diski ikifungwa, aliyeichomoa ataona takataka tupu. Namna ya kujua kama imefungwa ni kufungua dirisha la amri kama msimamizi wa kompyuta na kuandika:

```
manage-bde -status C:
```

Tafuta mstari wa `Protection Status`. Ukisoma `Protection On`, imefungwa. Ukisoma `Protection Off`, iko wazi. Tulipozipitia kompyuta za ofisi ile, mbili tu zilikuwa zimefungwa, tena mwenyewe hakujua. Tahadhari moja: BitLocker hutoa ufunguo wa akiba wa tarakimu 48. Ukipotea, na kompyuta ikaja kuudai, hata wewe mwenyewe hutaingia. Sera yetu inasema ufunguo huo utunzwe ofisini, kwenye kabati la chuma na nakala kwa mkurugenzi, wala usikae kwenye daftari la mfanyakazi ndani ya begi lilelile.

Kinga ya pili ni kuthibitisha mara mbili unapoingia kwenye barua pepe na kwenye programu ya hesabu. Watu wengi hutumia namba inayokuja kwa ujumbe wa simu. Ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini wezi wanajua kuhamisha laini ya mtu kwenye simu yao, na wakishaihamisha, namba inawafikia wao. Programu ya kutoa namba iliyo ndani ya simu yenyewe ni bora, kwa sababu haifuati laini.

Ya tatu haina ufundi wowote, ni tabia. Mafaili ya mishahara yalikuwa yakitumwa kwa WhatsApp, kwa sababu ni rahisi. Faili likitumwa kwa njia hiyo hubaki kwenye simu ya aliyetuma, ya aliyepokea, mara nyingine kwenye simu ya mtoto anayechezea simu ya mama. Sera inasema faili lenye mshahara au akaunti ya mtu halitumwi kwa WhatsApp wala halibebwi kwa flashi. Linakaa kwenye hifadhi ya ofisi mtandaoni, na anayelihitaji anapewa ruhusa ya kulifungua hukohuko. Niliwaonya kwamba sharti hili litavunjwa wiki ya kwanza kama hifadhi yenyewe ni nzito kufunguka kwa bando dogo, na kweli ilibidi wabadilishe mpango wa intaneti kwanza ndipo watu walifuate.

Kisha tukaandika saa ya kwanza baada ya wizi. Namba moja ya simu, inayopokelewa usiku na mchana. Aliyeibiwa anapiga kabla ya kwenda polisi, kwa simu ya jirani kama yake imekwenda. Anayepokea anabadilisha neno la siri la barua pepe, anaondoa kompyuta hiyo kwenye akaunti zote zilizokuwa wazi, na anaandika saa aliyopokea taarifa. Asubuhi inaorodheshwa taarifa gani zilikuwemo na za wateja gani, na wateja wanajulishwa siku hiyo. Tukaweka na sentensi ambayo bosi aliipinga mwanzoni: anayetoa taarifa ndani ya saa moja hataadhibiwa kwa kupoteza taarifa, hata kama alizembea. Mtu anayeogopa kukatwa mshahara atakaa kimya mpaka kesho akitumaini begi litapatikana, na usiku huo mmoja ndio mwizi anaouhitaji.

Gharama zilikuwa mwisho. Bosi alitaka kutoa posho ya shilingi 30,000 kwa kila mtu kila mwezi na yaishe. Ni rahisi, lakini posho ya namna hiyo ni sehemu ya mapato ya ajira na hukatwa kodi ya PAYE. Marejesho ya fedha ambayo mtu ameitumia kwa ajili ya kazi tu, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiyahesabu kuwa mapato yake. Kwa hiyo shilingi 30,000 ya posho humfikia mfanyakazi ikiwa imepungua, na 30,000 ya marejesho humfikia nzima. Ila marejesho yanadai ushahidi, na hapo ndipo ofisi huchoka. Tulimaliza tatizo la bando kwa kuliondoa: ofisi inanunua bando yenyewe moja kwa moja kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la kampuni. Hakuna cha kurejesha. Vitu vingine, kama wino au ukarabati wa kiti, vinarejeshwa kwa risiti ya EFD iliyoletwa ndani ya siku 30, na kinachozidi shilingi 50,000 kinaombewa ruhusa kwanza. Nauli ya siku za kawaida za ofisini ni ya mfanyakazi. Nauli ya kuitwa ghafla siku yake ya nyumbani ni ya ofisi.

Umeme ulitushangaza. Tulipima kwanza: kompyuta wati 65, feni wati 60, ruta wati 10. Jumla 135, kwa saa 8 ni kama yuniti 1.08 kwa siku. Siku 13 za mwezi ni yuniti 14. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani iliyotumika wakati ule, takriban shilingi 356 kwa yuniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni shilingi 5,000 tu. Bosi akasema, basi tuweke 5,000. Lakini dada hakuwa kwenye bei hiyo. Alikuwa kwenye daraja la watumiaji wadogo, wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, ambao walilipa takriban 122 kwa yuniti. Nyumba yake ilikuwa ikitumia yuniti 71, yaani kama shilingi 8,660. Ukiongeza 14 anafika 85, na akiendelea kuvuka hivyo anahamishiwa daraja la juu, ambako yuniti 85 zinagharimu kama 30,260. Yuniti 14 za ofisi zinamwongezea karibu shilingi 21,600 kwa mwezi, na zile 5,000 zisingefidia hata robo yake. Sera sasa inamtaka kila mfanyakazi alete risiti za LUKU za miezi mitatu kabla ya kuanza kukaa nyumbani na baada ya kuanza, na ofisi inalipa tofauti.

Sera mpya ina kurasa nne. Kabla ya kusainiwa ilisomwa kwa sauti mbele ya wote, na ni mhudumu wa ofisi, si mhasibu, aliyegundua kwamba tumesahau kuandika nani anabeba gharama ya kurudisha vifaa mtu akiacha kazi akiwa Kibaha. Tukaandika: ofisi.

Dada alirudishiwa 800,000 alizokuwa amekwishakatwa kwa miezi miwili, bila kwenda mbali. Kama mwajiri wake angekataa, mgogoro wa makato unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza fomu namba 1, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Alikuwa kwenye siku ya 51. Wewe unayesoma haya na unakatwa sasa, hesabu siku zako leo.